Ungechagua nini: maswali ya kuamsha chati

"Jamani, nachati na binti niliyempenda, ila tukishapita 'umekula?' tunakwama. Nimuulize 'ungechagua nini' gani?"

Mpe machaguo mawili ambayo yote anayataka, na wewe uwemo ndani. "Pesa au mapenzi?" linaua chati, maana atajibu neno moja na kuanza kukupima. Jaribu hivi: "Jumamosi jioni, nikupeleke Forodhani tule urojo, au tukakae ufukweni mpaka jua lizame?" Akisema "urojo", usirukie swali jingine, utamu uko hapo hapo: "Sawa, ila pilipili nakuwekea mimi. Utalia au utavumilia?" Kisha na wewe taja chaguo lako, asijione yuko kwenye usaili. Mawili matatu kwa usiku mmoja yanatosha. Ya chumbani yaache mpaka achokoze yeye. Akijibu "yoyote tu" mara mbili, amechoka, muage vizuri.

— Mbona wangu husema "yoyote tu" kila siku, na asubuhi ananitafuta mwenyewe?

— Huyo mtumie swali kwa sauti, kaka. Huenda kuandika ndiko kunakomchosha.