Nyongeza ya Mshahara Inaishia Wapi: Hesabu ya Miaka Mitatu

Wafanyakazi wenzangu hapa Mtwara wakilalamika kwamba mshahara unapanda lakini hawabakiwi na kitu, huwaomba namba mbili kwa kila mwaka: wastani wa pesa inayoingia mkononi kwa mwezi na wastani wa matumizi ya mwezi. Wastani uwe wa miezi 12. Ukipima Novemba peke yake, minada ya korosho inaendelea na michango ya harusi imefuatana, kwa hiyo utaona matumizi makubwa kuliko kawaida yako.

Namba zipo kwenye taarifa ya benki na ya simu. Kuwa makini na mkopo wa benki unaokatwa kabla mshahara haujakufikia: rejesho lake liongeze kwenye kipato na pia kwenye matumizi, maana pesa hiyo umeitumia. Ukiliacha, ukichukua mkopo itaonekana kama mshahara umeshuka.

Kisha gawanya ongezeko la matumizi kwa ongezeko la kipato. Rafiki yangu mmoja alianza 2021 akipokea 600,000 na kutumia 450,000. Mwaka 2022 kipato kilipanda 50,000, matumizi 40,000: asilimia 80 ya nyongeza imeliwa. Mwaka 2023 kipato kilipanda 50,000 tena, matumizi 55,000. Mwaka 2024 kipato kikaruka 150,000, matumizi 130,000. Jumla, kati ya 250,000 zilizoongezeka, 225,000 zimekwenda.

Mruko wa 2024 ndio ninaousisitiza kwa kila mtu. Mwajiri hakumwongeza chochote; alikuwa amemaliza deni la Bodi ya Mikopo, ile asilimia 15 ya mshahara wa msingi ikaacha kukatwa. Alikuwa amezoea kuishi bila pesa ile, na angeweza kuielekeza akiba mwezi uleule ilipoanza kuingia.

Kabla ya kumlaumu mtu, toa sehemu ya bei. Mfumuko wa bei ulikuwa asilimia 4.3 mwaka 2022, 3.8 mwaka 2023 na 3.1 mwaka 2024. Matumizi yake ya mwanzo, yakibaki yaleyale, yangefika kama 502,000. Kwa hiyo bei zinaeleza takriban 52,000. Zilizobaki, 173,000, ni maisha kubadilika. Tulipozifuata, 70,000 zilikuwa tofauti ya kodi alipohama Chikongola kwenda Shangani, 50,000 bodaboda za kila siku, 35,000 kisimbuzi na bando. Nyingine zilitawanyika.

Hesabu hii haijui sababu. Mtoto akizaliwa au mzazi akihamia kwako, matumizi yatapanda vilevile, basi andika tukio hilo pembeni ya mwaka wake. Rafiki yangu aliibakiza nyumba, kwa kuwa watoto wanasoma karibu, akapunguza bodaboda. Kwa nyongeza ijayo amejiwekea mpaka wa nusu, na nusu nyingine ataihamishia akiba siku ileile mshahara unapoingia.