Fundi anatuma jioni, mabadiliko ya ofisini yanapotea

*Tuna programu ya simu ya mafundi wanaotengeneza pampu za maji vijijini. Wengi hushinda bila mtandao, simu inatuma kazi zao jioni. Shida ni kwamba fundi akituma, alichobadilisha msimamizi mchana kinapotea, na mara nyingine maelezo yaleyale yanaingia mara mbili. Tunalinganisha saa za mabadiliko, la mwisho ndilo linabaki. Tunakosea wapi?*

Dalili zinaonyesha kwamba simu inatuma rekodi nzima ya kazi badala ya kile tu kilichobadilishwa. Chukua kazi namba 214. Fundi ameipakua asubuhi ikiwa toleo la 7. Saa sita mchana msimamizi anasogeza tarehe ya ukaguzi, na toleo linakuwa la 8. Saa tisa fundi, asiyejua hilo, anaandika kwamba kazi imekamilika. Jioni simu inapeleka rekodi yote, pamoja na tarehe ya zamani ambayo fundi hakuigusa, na kwa kuwa saa tisa ni baada ya saa sita, tarehe mpya inafutwa. Kama msimamizi angebadilisha saa kumi, ingepotea taarifa ya fundi. Kwa hiyo hata saa zote zikiwa sahihi, kanuni yenu ingeharibu data, na saa za simu zenyewe si za kuaminika, maana mtu anaweza kuzirekebisha kwa mkono. Ihifadhini saa ya simu kama maelezo tu, isiamue lolote.

Simu iwe na foleni ya kutuma. Kila badiliko liingie humo peke yake: namba ya kazi, sehemu iliyoguswa, thamani mpya, toleo ambalo fundi alikuwa analiona, na kitambulisho (UUID) kinachotengenezwa na simu pale pale badiliko linapofanyika. Kitambulisho hicho ndicho dawa ya maelezo kuingia mara mbili. Mara nyingi ombi limefika na seva imeshahifadhi, ila jibu limekatikia njiani, hivyo simu inatuma tena. Kwenye PostgreSQL, ambapo safu ya toleo inabeba toleo jipya linalotolewa na seva, hapa la 9 baada ya la 8 la msimamizi:

```sql
INSERT INTO mabadiliko
  (id, kazi_id, sehemu, thamani, toleo, kifaa)
VALUES ($1, 214, 'hali', 'imekamilika', 9, 'simu-03')
ON CONFLICT (id) DO NOTHING;
```

Rekodi ya kazi yenyewe isahihishwe katika muamala huohuo, na isiguswe kabisa kama mstari haukuingia. Simu ifute badiliko kwenye foleni baada tu ya kupata jibu la seva. Kitambulisho kikitengenezwa upya kila simu inapojaribu kutuma, hamjafanya kitu.

Sasa mgongano. Wengi huweka sharti kwamba toleo la simu lisipolingana na la seva, badiliko likataliwe. Sharti hilo ni kali mno. Fundi akibadilisha kazi moja mara mbili bila mtandao, badiliko la kwanza linapandisha toleo, na la pili linakataliwa kwa sababu ya kazi yake mwenyewe. Swali la kuiuliza hifadhidata ni jembamba zaidi: je, kuna kifaa kingine kilichogusa sehemu hiihii tangu toleo la 7? Fungieni kwanza mstari wa kazi kwa `FOR UPDATE`, kisha:

```sql
SELECT 1 FROM mabadiliko
WHERE kazi_id = 214 AND sehemu = 'hali'
  AND toleo > 7 AND kifaa <> 'simu-03';
```

Isiporudi mstari wowote, badiliko linapita. Kwenye kazi 214 tarehe na hali vyote vinabaki, kwa sababu ni sehemu tofauti. Ukirudi mstari, mfano msimamizi ameandika imefutwa na fundi imekamilika, msiache programu ichague. Hifadhini yote mawili, kazi iende kwenye orodha ya msimamizi, naye ampigie fundi simu. Swali hili linategemea mabadiliko ya ofisini nayo kuandikwa kwenye jedwali hilohilo, na foleni ya kila simu kutumwa kwa mpangilio, moja baada ya jingine.

Vipuri vinahitaji utaratibu wao. Stoo ikiwa na sili 7, fundi mmoja atumie 2 na mwingine 3, simu moja itasema zimebaki 5 na nyingine 4, ilhali stoo ina 2. Hapo simu itume kilichotumika, hesabu ya kilichobaki ifanywe na seva.

Pimeni kwa kukata mtandao mara tu seva inapomaliza kuhifadhi, kabla haijajibu. Hali ya ndege peke yake haitawaonyesha kosa hilo. Na kuna jambo ambalo seva haiwezi kulitibu: simu ikiibwa au programu ikiondolewa kabla ya kutuma, mabadiliko yaliyo kwenye foleni yamekwenda. Ndiyo maana skrini ya kwanza ya fundi ionyeshe wazi ni mangapi hayajatumwa, na programu ikatae kumtoa kwenye akaunti yake mpaka foleni iwe tupu.