Usiniambie sanduku ni jepesi, nionyeshe fremu

Zamani nilimpa mhuishaji mwenzangu maoni ya maneno matatu: "Sanduku halina uzito." Shoti yake ilikuwa ya fremu 96, yaani sekunde 4 kwa kasi ya fremu 24 kwa sekunde. Mhusika anainama, analishika sanduku, analiinua hadi kifuani. Nilichosema kilikuwa kweli, ila hakikumsaidia hata chembe. Kesho yake alirudi na shoti ya fremu 120. Alikuwa amepunguza kasi ya kila kitu, na sasa mhusika alionekana kama anayeinua sanduku lilelile jepesi chini ya maji.

Nilikaribia kumlaumu, kumbe kosa lilikuwa langu. Nilimtajia dalili nikamwacha aubahatishe ugonjwa. Basi tukaifungua tena shoti ya awali. Kwanza tuliitazama mara mbili kwa kasi yake halisi bila kuisimamisha, kwa sababu ndivyo mtazamaji atakavyoiona. Ukianza na kupekua fremu mojamoja utaokota vikasoro visivyomsumbua mtu. Baada ya hapo ndipo tukaenda polepole.

Ugonjwa ulikuwa kwenye fremu 31 na 32. Fremu 31 viganja vinagusa sanduku. Fremu 32 sanduku limeshaachana na sakafu, na mwili mzima unapanda nalo kwa pamoja. Mtu anayeinua kitu kizito hafanyi hivyo. Akishashika, mwili hutangulia: nyonga hushuka na kusogea karibu na mzigo, mikono hunyooka na kukaza, mgongo huanza kuvuta, na sanduku bado limetulia palepale. Linang'oka baadaye. Kasoro ya pili ilikuwa fremu 58: sanduku liko mbele ya kifua, mikono imelishikilia mbali na mwili, na kiwiliwili kimesimama wima kama mlingoti. Kwa mzigo wa kweli angelivuta karibu na kuegemea nyuma kidogo, la sivyo angeangukia mbele.

Nikaandika upya: "Fremu 31 hadi 32, sanduku linainuka papo hapo linaposhikwa, kwa hiyo naliona jepesi. Jaribu kuliacha sakafuni fremu 6 au 8 huku nyonga na mgongo vikifanya kazi. Fremu 58, mwili hauegemei nyuma kusawazisha mzigo." Hizo 6 au 8 si sheria, ni mahali pa kuanzia tu. Alirekebisha sehemu hizo mbili, akabaki na fremu 102, na sanduku likawa zito.

Tangu hapo maoni yangu hubeba vitu vitatu: fremu, nilichokiona, na kilivyonifanya nielewe tukio. Pendekezo la dawa huja mwisho, na kwa neno "jaribu". (Hakikisheni mnasoma namba moja. Niliwahi kubishana na mtu kuhusu fremu 40 kumbe faili lake lilianzia 1001, na programu yangu ya kutazamia ilikuwa ikihesabu kuanzia 1. Siku hizi naomba namba ichapwe juu ya picha yenyewe.)

Kupokea maoni nako kuna ujuzi wake, na nadhani ni mgumu zaidi. Kabla ya kucheza shoti, sema iko hatua gani na unataka jicho gani. Ukisema, "Hii ni blokingi, naomba mtazame pozi na muda, vidole bado," umeokoa nusu saa. Usiposema, mtu atakwambia mwendo unarukaruka, wakati katika blokingi, yaani rasimu yenye pozi kuu tu, pozi huruka kwa makusudi.

Ukipewa dawa bila dalili, iulizie dalili. Niliambiwa mara moja, "Mkono wa kushoto uinue zaidi." Ningetii tu, pozi ingevunjika. Nikauliza, "Umeona nini hapo?" Akajibu kwamba hakujua mhusika ameshika nini. Tatizo halikuwa urefu wa mkono. Kiganja kilikuwa kimefunikwa na kiwiliwili, hivyo umbo la mwili likiangaliwa kama kivuli cheusi mkono haukuonekana kabisa. Nilitoa kiwiko nje kidogo, kiganja kikaonekana, na mkono ukabaki kimo kilekile.

Ndiyo maana sihangaiki watu wawili wanapopingana kuhusu fremu zilezile, mmoja akitaka haraka na mwingine akitaka polepole. Mara nyingi wote wamepaona mahali penye kidonda, dawa ndizo zinazotofautiana. Naandika namba ya fremu, nawasomea nilivyowaelewa, kisha nayapuuza mapendekezo yote mawili hadi nimepatazama mwenyewe. Ila kama mmoja wao ni mwongozaji na amesema anataka haraka, nafanya haraka kwanza, halafu namwonyesha ya kwangu pembeni.