Kabla Hujakubali Kuongezewa Dozi ya Sindano ya Damu, Ulizia Chuma

Wiki hii dada mmoja ambaye figo zimeshindwa na yuko kwenye dialisisi, yaani husafishwa damu kwa mashine, ameniandikia: "Kaka, nachomwa sindano ya kuongeza damu kila wiki. Dozi wameshaipandisha mara mbili, lakini hemoglobini yangu bado inazunguka kwenye 7.9. Naanza kuamini mwili wangu umeikataa dawa." Nilimjibu kwa ufupi siku ile ile. Jibu refu nalitoa hapa, kwa sababu maneno hayo niliwahi kuyasema mimi mwenyewe, na mpaka leo sijasahau nilivyojibiwa.

Dada, kwanza tuelewane sindano hiyo inafanya nini. Figo hazina kazi ya kuchuja taka peke yake. Katikati ya mirija yake midogo zipo seli zinazohisi kiasi cha oksijeni kinacholetwa na damu. Oksijeni ikipungua, hutoa homoni iitwayo erithropoietini. Kwa mtu mzima, karibu asilimia 90 ya homoni hiyo hutoka kwenye figo na kiasi kidogo kwenye ini. Husafiri na damu hadi kwenye uboho wa mifupa, ambako muda wote kuna seli changa zinazokua ziwe chembe nyekundu. Seli hizo zikikosa erithropoietini hufa kabla ya kukomaa. Zikiipata, zinaishi na kuendelea. Figo zinapoharibika, damu hupungua lakini homoni haipandi kiasi cha kutosha kufidia. Sindano unayochomwa ni homoni hiyo hiyo, au dawa inayofanya kazi kama yake, iliyotengenezwa maabara.

Lakini kuziokoa seli changa ni nusu ya kazi. Kila seli iliyookolewa lazima ijaze ndani yake hemoglobini, yaani kibeba oksijeni cha damu, na hemoglobini haitengenezwi bila chuma. Mwenye kufanyiwa dialisisi hupoteza chuma mfululizo: damu kidogo inayobaki kwenye mashine na mirija yake, damu ya vipimo, na inayovuja taratibu tumboni. Kwa mwaka hasara hiyo inaweza kufika gramu 1 hadi 3. Sindano nayo, kwa kuharakisha utengenezaji, inakimaliza haraka kile kilichobaki.

Hapo ndipo mimi nilipokwama. Nina uzito wa kilo 60. Nilianzishiwa uniti 4,000 mara tatu kwa wiki, hemoglobini ikiwa 8.1. Ikakaa pale pale. Dozi ikapandishwa hadi uniti 6,000, kisha 8,000. Hemoglobini ikawa 8.0. Kilichopanda kweli ni presha yangu, na hilo ni jambo linalojulikana kwa dawa hii. Ngazi za kawaida zilinifanya nisimame katikati nikishika ukuta. Na wakati huo wote, kituo nilichokuwa nahudhuria kilikuwa na maelezo moja tu: kwamba siitunzi dawa vizuri nyumbani.

Nilikuwa naitunza. Dawa hii inataka ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8, isigande, isitikiswe, na mimi nilikuwa na kipimajoto ndani ya jokofu. Niliambiwa mbele ya wagonjwa wenzangu kwamba watu kama mimi ndio wanaopoteza dawa za gharama. Nasema wazi kwamba iliniumiza. Mgonjwa ambaye damu haipandi anahitaji kipimo kabla ya kuhukumiwa.

Daktari mwingine ndiye aliyeomba majibu ya chuma. Feritini yangu ilikuwa 340. Kituoni waliwahi kuiona namba hiyo wakasema chuma kipo tele. Yeye akaendelea hadi mstari uliofuata. Chuma kilichokuwa kinazunguka kwenye damu kilikuwa 7, na uwezo wa damu kubeba chuma ulikuwa 50. Gawa 7 kwa 50, zidisha kwa 100: asilimia 14. Hicho ndicho huitwa ujazo wa transferini, yaani sehemu ya wabebaji wa chuma ambao kweli wamebeba kitu. Chini ya asilimia 20, uboho unakosa chuma cha kufanyia kazi.

Inakuwaje feritini iwe juu na uboho ukose? Feritini hupima chuma kilichowekwa akiba. Ugonjwa sugu wa figo, pamoja na uvimbe wa ndani kwa ndani unaoandamana nao, huongeza homoni nyingine ya ini iitwayo hepsidini. Hiyo hufunga milango ambayo chuma hupitia kutoka kwenye seli za akiba na kutoka utumbo mwembamba. Ghala limejaa, mlango umefungwa, na fundi yuko nje anasubiri. Ndiyo maana vidonge vya chuma navyo mara nyingi havitufai sana sisi wa dialisisi: utumbo haukipokei vizuri. Juu ya hayo, feritini hupanda yenyewe mtu akiwa na maambukizi, hivyo kuisoma peke yake kunapotosha.

Nilipimwa kwanza kuhakikisha sina maambukizi, kwa sababu chuma cha mshipa, yaani kinachoingizwa moja kwa moja kwenye damu, hakitolewi mtu akiwa na maambukizi makali. Kisha nikapewa miligramu 100 katika kila kikao cha dialisisi mpaka ikatimia gramu 1. Dozi ya sindano haikuguswa. Kipimo cha mwezi uliofuata kilisoma 9.1, kilichofuata 10.4, na hapo dozi ikaanza kushushwa. Dawa ile ile niliyoambiwa naiharibu ilifanya kazi kwa dozi ndogo zaidi. Majibu hayo ninayo mpaka leo.

Kwa hiyo dada, kabla dozi haijapandishwa tena, omba namba zote mbili, feritini na ujazo wa transferini, na uzisome pamoja. Miongozo ya kimataifa ya figo ya mwaka 2012 inaruhusu kujaribu chuma cha mshipa ikiwa ujazo hauzidi asilimia 30 na feritini haizidi 500. Ukikuta chuma kinatosha, bado usikimbilie kuongeza dozi. Ulizia maambukizi yaliyojificha, hasa kwenye katheta au meno. Ulizia kama dialisisi yako inasafisha vya kutosha, kama homoni ya tezi za paradundumio za shingoni iko juu, na kama choo cheusi ulichoona ni damu inayovuja tumboni. Kila moja ya hayo huweza kuizuia sindano isifanye kazi.

Usikimbilie kuongezewa damu pia, kama hali si ya dharura na unatarajia kupandikizwa figo. Damu ya mtu mwingine inaweza kuufanya mwili utengeneze kinga dhidi ya tishu za wengine, na baadaye figo inayokufaa ikawa ngumu kupatikana.

Jambo la mwisho nalisema kwa msisitizo kwa sababu naona wenzangu wanashindania namba. Damu ikianza kupanda, usidai ifike 14 kama ya mtu mzima wa afya. Tafiti kubwa zilizochapishwa mwaka 2006 na 2009 zilijaribu kuwafikisha wagonjwa wa figo kwenye 13 na zaidi. Hawakuishi muda mrefu zaidi, na katika utafiti wa 2009 kiharusi kiliongezeka karibu maradufu. Ndiyo maana kwa wengi wetu madaktari husimama kwenye 10 hadi 11.5. Ikipanda kwa zaidi ya 2 ndani ya wiki nne, mwambie daktari apunguze dozi, na upime presha nyumbani kila siku mpaka itulie.