Jibu: Nyakati katika ripoti ya tukio

"Msimamizi amenirudishia ripoti, anasema nimechanganya nyakati. Je, niandike yote kwa -li-?"

Habari ndugu. Hapana, si yote. Kagua kwanza kila -me-. Ndiyo iliyonisumbua zaidi nilipokuwa naandika ripoti za zamu ya usiku ghalani.

Chukua mfano huu: "Saa 8:40 usiku nilifika lango la nyuma. Kufuli limekatwa." Msomaji hajui kama hiyo ni hali uliyoikuta usiku ule au kufuli bado liko hivyo anaposoma. Kama uliikuta, andika "nilikuta kufuli limekatwa" au "kufuli lilikuwa limekatwa". Kama hali inaendelea, itenge katika aya yake na uitaje saa: "Hadi ninapoandika, saa 12:15 asubuhi, lango halina kufuli na mlinzi mmoja analilinda."

Ukisita, tia "wakati huo" au "hadi sasa" mbele ya sentensi. Linalokubali "wakati huo" liende kwenye -li-. Linalokubali "hadi sasa" libaki na -na- au -me-. Usisahau vikanushi: "taa haikuwaka" ni ya usiku ule, "taa haiwaki" inamwambia fundi aje leo.

Jambo la mwisho ni -ka-. "Nilipiga simu, nikasubiri" ni Kiswahili safi, lakini -ka- huegemea kitenzi kilichotangulia. Mchunguzi akinukuu mstari mmoja tu, wakati wake unapotea. Mimi kila sentensi yenye saa yake huianza na -li-: "Saa 8:52 nilimpigia msimamizi wa zamu."