Maswali ya jopo hupatikana katikati ya slaidi mbili

Ukiwa mwendesha jopo na ukapokea mafaili manne ya slaidi za wazungumzaji, kishawishi ni kulisoma kila faili peke yake na kumwandikia kila mzungumzaji maswali mawili. Matokeo yake ni mahojiano manne kwenye meza moja: mmoja anarudia aliyokwisha kuyaonyesha ukutani, watatu wanachungulia simu. Swali la jopo linatakiwa kuwagusa angalau wawili.

Tuchukue jopo la dakika 60 kuhusu sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, kwenye mahindi. Wapo mtafiti, mwenye kiwanda cha unga, mwenyekiti wa ushirika wa wakulima na ofisa viwango. Chora jedwali la safu nne: dai, namba ya slaidi, kipimo au ushahidi, na nani mwingine amegusa jambo hilohilo. Madai matano kwa kila mtu yanatosha. Safu ya nne ndiyo yenye kazi. Dai ambalo hakuna mwingine aliyeligusa mwachie mwenyewe alieleze katika wasilisho lake.

Ukiona mgongano, hakikisha ni mgongano kweli. Tuseme mtafiti ameandika kikomo cha sumu cha mikrogramu 10 kwa kilo, ofisa viwango ameandika ppb 10, yaani sehemu 10 kwa bilioni, na mwenye kiwanda ameandika 5. Mbili za kwanza ni kipimo kilekile kwa majina mawili. Na ile 5 haipingani nazo: kiwango cha Afrika Mashariki cha mahindi kinaweka 5 kwa aina moja ya sumukuvu, aflatoksini B1, peke yake, na 10 kwa jumla ya aflatoksini za aina zote. Anayeuliza "mbona hamkubaliani?" hapo atasahihishwa mbele ya ukumbi mzima. Jambo hilo liweke kwenye ufunguzi, sentensi moja, ili wasikilizaji wasichanganyikiwe namba zikipita.

Mgongano wa kweli uko kwingine. Slaidi ya ushirika inasema mkulima hung'ata punje kujua kama mahindi yamekauka. Ya kiwanda inasema mzigo unaozidi unyevu wa asilimia 13.5 unarudishwa. Jino halitofautishi 13 na 15. Swali linajiandika: "Mwenyekiti, gari likirudishwa getini kwa sababu ya unyevu, hasara inabaki kwa nani?" Kisha umgeukie mwenye kiwanda: "Ni nini kinazuia kipimo hicho kufanyika kijijini kabla ya kupakia?" Yaandike kama maswali mawili. Ukiyaunganisha, mzungumzaji atajibu lililo rahisi na kulikwepa jingine, na hutakuwa na nafasi ya kumrudisha.

Tafuta pia kilichokosekana kwa wote. Sumukuvu haisambai sawasawa: punje chache huweza kubeba sehemu kubwa ya sumu ya gunia zima. Konzi moja kutoka gunia la juu inaweza kupitisha gari bovu au kukataa gari zima. Kama slaidi za kiwanda zinaonyesha matokeo bila kusema sampuli zilitoka magunia mangapi, hilo ni swali kwake, na mtafiti ndiye wa kumfuatia.

Utambulisho uandike mwisho, ukishajua kila mtu anakuja kubeba nini. Sekunde 25 kwa mtu: jina, cheo, na kazi moja inayompa haki ya kukaa hapo. Kwa mtafiti: "Amefuatilia mahindi kutoka shambani hadi ghalani, na leo atatuonyesha sumu inaingilia wapi." Usitaje jibu lake, ukilitaja umemla maneno. Orodha ya shahada iache kwenye kijitabu cha mkutano.

Slaidi ya kwanza isiaminiwe kwa cheo. Watu hutumia upya slaidi za mkutano uliopita, na tarehe ya zamani chini ya ukurasa ndiyo dalili. Tuma ujumbe mfupi: "Nikutaje kwa cheo gani, na jina lako linatamkwaje?" Slaidi ya shukrani nayo isomwe kwa makini. Kama utafiti ulilipiwa na mtengenezaji wa mifuko ya kuhifadhia nafaka, na slaidi ya tatu kutoka mwisho inaipendekeza mifuko hiyo, litaje jambo hilo kwenye utambulisho, baada ya kumwarifu mwenyewe. Vinginevyo mtu wa safu ya nyuma atalitaja kwa ukali zaidi.

Sasa hesabu muda. Mawasilisho ya dakika 4 kila moja yanakula 16, ufunguzi na utambulisho 4, wasikilizaji 15, kufunga 3. Zinabaki 22. Swali lenye jibu la dakika 2 na mwenzake akaongezea hufika dakika 4, kwa hiyo maswali makuu ni matano, basi. Andika mawili ya akiba, na pembeni ya kila swali weka namba ya slaidi lililotoka, kwa ajili ya yule atakayesema, "Sikusema hivyo."