Kadi ya binti yako, futa neno “kama”

*Shangazi, mimi na mume wangu tuna wavulana wawili wa kuzaa na binti wa miaka 11 tuliyemuasili akiwa na miaka 4. Krismasi iliyopita, nyumbani kwa wakwe Kakamega, nilimpa kadi: “Krismasi njema. Tunamshukuru Mungu kukuleta kwetu. Wewe ni kama mtoto tuliyemzaa, hatutakubagua kamwe.” Alinyamaza. Mama mkwe akaisoma, akanifokea. Na yeye ndiye humtuma maji na vyombo pamoja na binamu zake, tena humwita kwa jina la marehemu mama yake mwenyewe! Mwaka huu nimwandikie nini? – Mama wa Wawili, Nakuru*

Pole, dada. Najua uliandika kwa mapenzi. Lakini tazama ulivyotia sahihi: Mama wa Wawili. Watoto wako ni watatu, na mtoto wa miaka 11 anajua kuhesabu.

Hiyo “kama” ndiyo iliyomnyamazisha. Hakuna anayemwambia mwanawe wa kuzaa kwamba ni kama mwanawe. Na wavulana uliwaahidi lini kwamba hutawabagua? Ahadi hiyo inamfundisha binti kuwa jambo hilo limewahi kuwazwa. Hukutaja kadi za kaka zake pia. Ikiwa yake ilikuwa peke yake, ulimtia alama mbele ya ukoo mzima.

Mama mkwe nampa haki yake. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Anayetumwa maji na wenzake, akakemewa sawa nao mtungi ukimwagika, huyo si mgeni tena. Na jina je? Kwetu Waluhya mtoto huitwa jina la marehemu wa ukoo. Bibi huyu amempa la mama yake mzazi, nawe unalileta kwangu kama shtaka!

Hata sheria imesimama na bibi. Mahakama ikishatoa amri ya kuasili, mtoto ana haki za mtoto wa kuzaliwa, urithi ukiwemo. Angekuwa bado mtoto wa kulea kwa muda, chini ya afisa wa watoto, ningekuonya usiandike “milele”, maana huenda akarudishwa kwa jamaa zake na ahadi hiyo ikamuumiza. Kwenu hilo lilikwisha.

Sasa nunua kadi tatu. Yake iseme mambo yanayomhusu yeye tu:

“Mwanangu, Krismasi njema. Chapati za mwaka huu unasukuma wewe, maana za kaka yako tuliziona. Nyanya amekuwekea nafasi kitandani mwake. Tarehe 24 usichelewe kuamka, tusije tukakosa matatu. Mama.”

Sikukuu huamsha maswali. Akiuliza habari za mama aliyemzaa, acha sufuria, kaa naye, mwambie unachokijua. Usimkatize kwa “mama yako ni mimi”.

Na mkifika Kakamega, mpe mama mkwe azisome kadi zote tatu kabla hujazigawa.